Damu Baada ya Kujifungua: Ipi ni ya Kawaida na Ipi ni ya Hatari

Mama anapojifungua, kondo la nyuma hubanduka na kuacha kidonda ndani ya mfuko wa uzazi, mahali lilipokuwa limeshikamana. Damu inayotoka katika wiki zinazofuata ni damu ya kidonda hicho, pamoja na mabaki ya utando uliokuwa ukizunguka mimba. Kwa sababu hiyo hata mama aliyejifungua kwa upasuaji hutokwa na damu ukeni. Kidonda kinavyopona na mfuko wa uzazi unavyojikaza, damu hupungua na kubadilika rangi.

Katika siku tatu au nne za kwanza damu huwa nyekundu na nyingi, na inaweza kuwa na mabonge madogo. Kisha hugeuka kuwa majimaji ya rangi ya waridi au ya udongo mwekundu, na hali hiyo huendelea hadi karibu siku ya kumi. Baadaye hubaki uchafu wa rangi ya njano au nyeupe, unaopungua kidogo kidogo hadi kukoma baina ya wiki ya nne na ya sita. Siku hizi si sawa kwa kila mama. Jambo la kuangalia ni mwelekeo: damu iwe inapungua na kufifia.

Mwelekeo huo unaweza kuyumba kidogo bila hatari. Mama akinyonyesha, mfuko wa uzazi hujikaza na kusukuma damu nje. Akiinuka baada ya kulala kwa muda mrefu, damu iliyokusanyika ukeni hutoka kwa mkupuo. Kati ya wiki ya kwanza na ya pili gaga la kidonda hubanduka, na damu nyekundu inaweza kuonekana tena kwa saa moja au mbili. Mikupuo hii hukoma yenyewe. Harufu ya kawaida nayo hufanana na ile ya damu ya hedhi. Haiwi ya kuoza.

Dalili za hatari ni tofauti. Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja au chini ya hapo, au yakitoka mabonge makubwa kama yai la kuku, hiyo ni dharura, hata kama mama bado ana nguvu za kutembea. Anayetumia vipande vya khanga aviangalie kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kitambaa kikubwa hufyonza damu nyingi kabla ya kuonekana kimelowa. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio na jasho la baridi huonyesha kwamba damu iliyopotea imekwisha kuwa nyingi.

Maambukizi huja kwa njia nyingine, na mara nyingi huanza polepole. Chukua mfano wa mama ambaye damu yake ilikuwa imefifia kufikia siku ya sita. Siku ya tisa ikarudi kuwa nyekundu, ikiwa na harufu ya kuoza, na jioni akashikwa na baridi ya kutetemeka. Nyumbani walidhani ni malaria, wakataka akandwe tumbo kwa maji ya moto. Alipofikishwa zahanati, kipimajoto kilionyesha nyuzi 38.6. Mfuko wa uzazi ulikuwa bado mkubwa kuliko ilivyotarajiwa kwa siku hizo, na ulipobonyezwa uliuma sana. Alipewa sindano ya kwanza ya dawa ya kuua bakteria na kupewa rufaa. Kipimo cha picha kilionyesha kipande cha kondo kilichobaki ndani. Kikaondolewa, na dawa zikaendelea.

Kipande kama hicho huuzuia mfuko wa uzazi usijikaze, hivyo damu hurudi. Nacho kinapooza huwapa bakteria chakula. Kukanda tumbo hakuwezi kukitoa. Dawa za malaria nazo haziponyi maambukizi haya, bali hupoteza siku ambazo bakteria hutumia kuingia katika mfumo wa damu. Kuweka majani, dawa au vitambaa ndani ya uke huongeza hatari hiyo. Mama abadilishe pedi mara kwa mara, na anawe mikono kabla na baada ya kufanya hivyo.

Mama mwenye harufu ya kuoza, homa, maumivu ya chini ya tumbo yanayozidi, au damu iliyofifia kisha ikarudi na kuendelea, aende zahanati siku hiyo hiyo akiwa na kadi yake ya kliniki. Amweleze mhudumu siku aliyojifungua, rangi ya damu, na idadi ya pedi alizobadilisha. Damu ikiwa nyingi, familia isisubiri kupambazuke: ipige namba 115, bila malipo, kuomba usafiri wa dharura wa m-mama, na mama alazwe chali huku akifunikwa apate joto.