Tathmini ya Utendaji Kazi ya Mwaka: Watumishi Wajipime Kabla ya 30 Juni

Watumishi wa umma wenye vituo vya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba, wanakumbushwa kwamba mwaka wa upimaji, ulioanza tarehe 1 Julai, utafungwa tarehe 30 Juni. Kila mtumishi anaombwa awe amekwisha kujipima kabla ya siku hiyo.

Fomu za karatasi za OPRAS, utaratibu ulioanza mwaka 2004, zimeachwa. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 upimaji hufanyika katika mfumo wa kompyuta wa PEPMIS. Mtumishi huingiza majukumu yake, msimamizi huyaidhinisha, kisha mtumishi hueleza utekelezaji ili msimamizi autathmini. Jukumu lisiloidhinishwa hukwama hapo hapo. Kwa hiyo hilo litazamwe kwanza.

Tuchukue mfano wa mtunza kumbukumbu aliyekubaliana na msimamizi wake kupanga upya majalada 400, akakamilisha 300. Aandike 300, yaani asilimia 75, na aeleze kilichozuia yale 100, kwa mfano rafu zilizochelewa kufika. Akiandika tu kwamba "kazi imefanyika vizuri", msimamizi hana cha kupima. Na akiandika 400, majalada yenyewe yatamsuta.

Mwezi Juni Bunge la Bajeti huwa linaendelea Dodoma, na wasimamizi wengi hawapatikani mezani. Si busara kungoja juma la mwisho. Mwenye likizo au safari aonane na msimamizi wake kabla ya kuondoka.