Namba ya Ukurasa Unapotumia Maneno Yako

Watahiniwa wengi huandika ukurasa pale tu wanaponukuu. Lakini hata wazo ulilolieleza kwa maneno yako huhitaji ukurasa, ikiwa limetoka mahali pamoja kitabuni.

Chukua tamthiliya ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Ukiandika katika kazi ya nyumbani kwamba uzembe kazini hukwamisha shughuli za taifa, jina la mwandishi na la kitabu yanatosha, maana wazo hilo limeenea kitabu kizima. Ukiandika kwamba Mzee Mitomingi alichoma karatasi za sensa kwa hasira ya Ngoswe kumtaka Mazoea, hilo ni tukio moja. Mwalimu atataka kulifungua alione. Andika (Semzaba, uk.) na namba uliyoiona katika nakala yako. Likivuka kurasa mbili, taja zote mbili. Ukiandika "uk. 1–30" atajua umekisia, na ataanza kutilia shaka hata hoja zako za kweli.

Angalia pia chapa. Nakala uliyoazima kwa jirani hapo Kurasini ikiwa ya chapa nyingine, kurasa huweza kutofautiana. Kwa tamthiliya, ongeza na onyesho.

Na kwenye chumba cha mtihani, ambako huna kitabu? Usibuni namba. Mahali pa ukurasa weka mhusika, alichofanya na kilichomsukuma: Mitomingi, karatasi za sensa, moto, binti yake.