Onyo, Kizuio na Pingamizi: Uchambuzi wa Barua Moja ya Ofisi ya Ardhi Iliyofika Kimulot

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchambua barua moja ya kiserikali, na kuonyesha ni jibu gani inalolidai. Barua hiyo niliiona kwa picha. Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Kimulot katika Konoin, aliipiga picha kwa simu na kunitumia pamoja na maneno haya: "Mwalimu, mama ameonywa na ofisi ya ardhi. Tuombe msamaha vipi?" Kama itakavyoonekana, mama yake hakuwa ameonywa, na hakuwa na la kuombea msamaha. Hata hivyo, kama barua ya kuomba msamaha ingalitumwa, huenda angalipoteza ulinzi wa ekari moja na nusu ya chai aliyoinunua kwa jasho lake.

Kosa hilo halikutokana na ujinga. Kijana huyo ana shahada, na Kiingereza anakijua. Nitajaribu kuonyesha kwamba alipotezwa na mambo mawili: neno moja lenye maana mbili, na muundo wa sentensi unaoficha tendo analotakiwa msomaji kulitenda.

2. Barua yenyewe

Barua iliandikwa kwa Kiingereza. Hapa naieleza kwa Kiswahili, nikiufuata muundo wake, na majina na namba zote nimeziacha:

"Zingatia kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha 73 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na kufuatia maombi ya mtu mwenye maslahi, nakusudia kukiondoa kizuio kilichosajiliwa juu ya shamba lililotajwa hapo juu, isipokuwa pingamizi la maandishi, lenye kueleza misingi yake, liwe limepokelewa na ofisi hii katika muda wa siku thelathini tangu tarehe ya barua hii, ambapo, likikosekana, hatua itachukuliwa bila kukurejelea tena."

Sehemu ya juu ya barua haikuonekana katika picha ya kwanza. Kilichoonekana ni aya hiyo, sahihi, na nusu ya muhuri. Niliomba ipigwe upya, ukurasa mzima, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, kwa maana tarehe ya barua ndiyo msingi wa hesabu yote inayofuata. Picha ya pili ilionyesha kuwa barua ni ya tarehe 2 Septemba. Picha yenyewe ilipigwa tarehe 18.

Jambo jingine lililowatatiza ni namba ya shamba, iliyoanza kwa neno Kericho ilhali Kimulot iko Bomet. Halina ajabu. Bomet ilimegwa kutoka wilaya ya Kericho mwaka 1992, na mashamba mengi ya huko yamebaki na majina ya usajili wa zamani. Mtu asidhani kwamba barua imempotea kwa sababu hiyo. Alinganishe namba na ile iliyo katika hati zake, na jibu alipeleke katika ofisi iliyoandikwa kichwani mwa barua.

3. Neno lenye maana mbili

Neno la Kiingereza nililolitafsiri kama "kizuio" ndilo lile lile ambalo katika mazungumzo ya kila siku humaanisha onyo au tahadhari. Kamusi nyingi huanza na maana hiyo. Kijana aliposoma kwamba ofisi inazungumzia "tahadhari" juu ya shamba, alielewa kuwa mama yake anatahadharishwa. Kinyume chake ndicho kweli: aliyeliweka "onyo" hilo ni mama mwenyewe, na anayeonywa ni yeyote atakaye kulisajili shamba kwa jina jingine.

Katika sheria, kizuio ni maandishi yanayoingizwa katika daftari la ardhi kwa ombi la mtu anayedai haki fulani juu ya shamba ambalo halijasajiliwa kwa jina lake. Haki hiyo yaweza kuwa imetokana na mkataba. Madhali kizuio kimo daftarini, hakuna uhawilisho unaopingana nacho utakaosajiliwa, ila kwa ridhaa ya aliyekiweka au kwa amri ya mahakama. Kizuio hakimpi mtu umiliki. Kazi yake ni kuyasimamisha mambo yalivyo mpaka haki ijulikane.

Mama huyu alikuwa amenunua sehemu ya shamba la jirani mwaka 1996, akalipa kwa awamu, akaingia na kupanda chai. Hatimiliki haikugawanywa. Muuzaji alipofariki aliweka kizuio. Sasa wana wa marehemu, wakiwa wamekwisha kurithi, wanaomba kiondolewe.

Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko Kiingereza, kwa kuwa "kizuio" na "onyo" ni maneno mawili yasiyoshabihiana. Lakini mitaani neno la Kiingereza limeingia kwa sura ya "kosheni", likabeba utata wake pamoja nalo. Wafasiri wa hati za ardhi wangefanya vyema kulishikilia "kizuio" na kuliacha "tahadhari" kwa matumizi mengine.

4. Tendo lililofichwa

Tuitazame sasa sentensi. Kitenzi chake kikuu ni "nakusudia kukiondoa", na mtenda ni Msajili. Tendo la msomaji limo ndani ya kishazi cha "isipokuwa", na hata humo halikusemwa kwa kitenzi chenye nafsi. Barua haikusema "pinga" wala "upinge", bali "pingamizi liwe limepokelewa". Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuambishiwa nafsi katika kila kitenzi, haoni mahali alipoitwa. Akiisoma barua hii huona habari tu: ofisi imeamua, nami naarifiwa.

Tukiigeuza kwa Kiswahili cha kawaida itakuwa hivi: "Kuna mtu ameomba kizuio chako kiondolewe. Kama hukubali, niandikie kwamba unapinga na kwa sababu gani. Barua yako inifikie kabla siku 30 hazijaisha. Usipoandika, naweza kukiondoa bila kukuuliza tena."

Angalia kitenzi "naweza". Kifungu cha 73 kinasema kwamba pasipo pingamizi Msajili aweza kukiondoa kizuio, lakini akipingwa kwa maandishi ndani ya muda, ni sharti awape pande zote nafasi ya kusikilizwa kabla ya kutoa amri. Hiari ya Msajili na wajibu wake vinatenganishwa na waraka mmoja, nao ni pingamizi. Mfasiri akizitia sentensi zote mbili katika wakati ujao, "ataondoa" na "atasikiliza", ameifuta tofauti ambayo ndiyo kiini cha barua.

5. Hesabu ya siku

Muda umesemwa kuwa ni tangu tarehe ya barua, si tangu siku ya kuipokea. Kwa kanuni ya Kenya ya kuhesabu muda, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Basi tarehe 3 Septemba ni siku ya kwanza, tarehe 30 ni ya ishirini na nane, na tarehe 2 Oktoba ni ya thelathini. Ikiwa siku ya mwisho ni Jumapili au sikukuu ya umma, muda husogea hadi siku inayofuata isiyo ya mapumziko, lakini si busara kuitegemea nafasi hiyo. Siku picha ilipopigwa zilikuwa zimebaki siku 14. Tena neno ni "kupokelewa": barua iliyotiwa posta tarehe 1 Oktoba yaweza kufika ikiwa imechelewa.

6. Jibu

Mama na mwanawe walikuwa tayari wameandika rasimu: "Mheshimiwa, nimeipokea barua yako na nimeielewa. Naomba unisamehe kwa usumbufu. Mimi ni mama mkongwe, naomba nisaidiwe." Kwa adabu ya uandishi wa barua kwa mkubwa, rasimu hii haina dosari. Kwa sheria, haina kitu. Hakuna mahali inaposema kwamba mwandishi anapinga, na neno "nimeielewa" laweza hata kusomwa kama kukubali. Barua iliyotaka tendo la kupinga imejibiwa kwa tendo la kuomba.

Jibu tulilolikubali lilikuwa fupi:

"Kuhusu barua yako ya tarehe 2 Septemba juu ya shamba namba hiyo: Mimi ndimi niliyeweka kizuio. Napinga kuondolewa kwake. Sababu zangu ni hizi. Mwaka 1996 nilinunua ekari moja na nusu ya shamba hilo kwa mkataba wa maandishi. Nililipa bei yote. Muuzaji aliniruhusu kuingia, nikapanda chai, na nimekuwa nikiichuma tangu hapo bila kuzuiwa. Naambatisha nakala za mkataba, stakabadhi za malipo na karatasi za uzani wa chai. Naomba nisikilizwe kabla ya amri yoyote kutolewa."

Kila sentensi ina kazi. "Napinga" ndilo tendo lenyewe, na lisiachwe hata kama mengine yote yatapunguzwa. Kuingia shambani na kuchuma chai kumetajwa kwa makusudi. Shamba la kilimo likiuzwa bila idhini ya bodi ya ardhi, mkataba huhesabiwa batili, na mama huyu hakuwa na idhini. Lakini mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Willy Kimutai Kitilit na Michael Kibet, iliamua kwamba mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba aweza, kwa misingi ya haki, kulindwa hata pasipo idhini hiyo. Anayesema "nilinunua" tu amelieleza lile lenye ila, akaliacha lenye nguvu.

Sheria haikutaja lugha ya pingamizi. Imetaja maandishi tu. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo mama aliandika kwa Kiswahili. Nakala mbili zilipelekwa kwa mkono, moja ikaachwa ofisini na ya pili ikarudi ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Hiyo ya pili ndiyo iliyostahili kupigwa picha.

7. Mipaka ya jibu hili

Pingamizi humpatia mtu masikizano, halimpatii ushindi. Msajili akiamua dhidi yake, mahali pa kuendelea ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko yafaa aende na wakili. Wala mtu asiye na madai asipinge ili kuwachelewesha wenzake, kwa kuwa anayekishikilia kizuio bila sababu ya maana aweza kudaiwa fidia chini ya kifungu cha 75. Anayedhani kwamba kikiondolewa atakiweka kingine naye akumbuke kifungu cha 74, kinachompa Msajili uwezo wa kukikataa kizuio cha pili cha mtu yule yule juu ya jambo lile lile.

Kijana aliponiuliza mama yake aombe msamaha vipi, alikuwa ameijibu barua ambayo haikuandikwa. Ofisi iliuliza jambo moja tu: je, unapinga? Iliuliza bila alama ya kuuliza, na bila kumtaja aliyeulizwa.