Mteja Akikurekodia Video, Mpe Maagizo Mafupi

Unauza viatu Moi Avenue na wateja wako wanatoka Kangemi, Kawangware hadi Uthiru? Usiwaambie tu "nirekodie video." Utaletewa dakika tatu za giza na kelele za matatu.

Watumie hivi kwa WhatsApp: "Shika simu wima. Simama ukitazama dirisha, mwanga ukuangukie. Sekunde 20 tu: onyesha kiatu, kivae, tembea hatua tano. Sema kilichokupendeza na kilichokukera."

Video ikifika, mtumie soo moja kwa M-Pesa, hata kama amekosoa. Ukilipia sifa pekee utapata sifa za uongo, na watu huzinusa haraka.

Kabla ya kuposti, muulize kwa maandishi: "Naweza kuiweka TikTok?" Akikataa, wacha. Kutumiwa video si ruhusa ya kuianika. Mwaka 2023, Kamishna wa Data aliipiga klabu ya Casa Vera, Barabara ya Ngong, faini ya Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Kama pea moja unauza Sh2,500, hizo ni pea 740. Zimeenda hivyo.