Tarehe Iliyoandikwa Juu ya Chupa na Nguvu Iliyomo Ndani Yake

Katika wilaya za Masasi na Newala, salfa ni kitu kinachojulikana sana. Wakulima wa mikorosho huipuliza mitini ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Hata hivyo, unga huohuo uwekwapo katika kabati la maabara kando ya pamanganeti ya potasiamu, huwa umewekwa mahali pa hatari. Salfa ni kitu kiwakacho, na pamanganeti ni kioksidishi, yaani hutoa oksijeni ya kuwashia. Chupa mbili zikivunjika na unga wake ukachanganyika, msuguano au cheche ndogo yaweza kuleta moto.

Hatari hiyo huletwa mara nyingi na desturi ya kupanga chupa kwa alfabeti, kwani lebo za Kiingereza zenye herufi P hukaa karibu na zile za S. Kwa sababu hiyo yafaa kupanga kwa tabia: viwakavyo mahali pake, vioksidishi mahali pake, asidi mahali pake, na alkali mahali pake. Asidi nazo zisirundikwe pamoja bila kufikiri. Asidi ya nitriki ni kioksidishi, hali asidi ya asetiki huwaka. Basi hizo mbili zitenganishwe.

Peroksidi ya haidrojeni ni kioksidishi pia, lakini ikigusana na pamanganeti huchemka na kutoa oksijeni. Hivyo ipewe trei yake peke yake. Kizibo chake kiwe na tundu la kupitisha gesi, la sivyo chupa yaweza kupasuka, kwa maana peroksidi huoza polepole hata ikiwa imetulia:

2H2O2 → 2H2O + O2

Hapa ndipo tarehe ya mwisho wa matumizi inapoweza kumdanganya mwalimu. Tarehe hiyo huihusu chupa iliyofungwa na kuwekwa mahali pa baridi na giza. Chupa ikishafunguliwa, vumbi na chembe za metali huharakisha kuoza, na joto la kabati lililo chini ya bati huongeza mwendo huo. Macho hayasaidii, kwa kuwa peroksidi iliyokufa ni angavu kama maji, sawasawa na iliyo hai. Ni lazima ipimwe.

Chupa yenye lebo ya "voliumu 20" ina maana kwamba sentimita moja ya ujazo ya kimiminiko hutoa sentimita 20 za ujazo za oksijeni, kwa nyuzi sifuri za Selsiasi na shinikizo la kilopaskali 101. Mpimaji hutia sentimita 5 za ujazo za peroksidi katika kijaribio kidogo, akakisimamisha ndani ya chupa ya koni yenye maji kidogo na chembe za dioksidi ya manganizi. Huifunga chupa kwa kizibo chenye mrija, kisha huiinamisha ili vimiminiko vichanganyike. Gesi hukusanywa juu ya maji katika silinda ya kupimia iliyopinduliwa. Chupa ikishapoa, maji ya ndani na ya nje ya silinda husawazishwa kabla ya kusoma.

Je, asome ngapi? Kwa hesabu ya haraka, 100. Lakini mji wa Newala uko juu ya uwanda, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Tuseme barometa yaonyesha kilopaskali 94 na joto ni nyuzi 25. Mvuke wa maji huchukua 3, zikabaki 91. Basi peroksidi iliyo kamili itatoa 100 × 101/91 × 298/273, yaani sentimita 121 hivi. Anayesoma 100 akafurahi, hajui kwamba amekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu. Masasi iko chini zaidi, lakini hata huko hesabu hii haiepukiki.

Tuseme amesoma 73. Nguvu ni 73/121 × 20, yaani voliumu 12. Tarakimu hiyo ndiyo iandikwe katika daftari la matumizi, pamoja na tarehe ya kupokea chupa, tarehe ya kuifungua, kiasi kilichochukuliwa, kiasi kilichobaki na sahihi ya aliyechukua. Chupa iliyotangulia kuingia itangulie kutumika.

Peroksidi ya voliumu 12 haihitaji kutupwa. Ili kupata lita moja ya oksijeni, mwalimu atachukua sentimita 83 za ujazo badala ya 50. Lakini asipoandika, mwanafunzi atakayeipima kwa pamanganeti akiamini lebo atapata jibu lililopungua kwa asilimia 40. Ataurudia upimaji mara tatu, atapata jibu lilelile, na mwishowe atajilaumu mwenyewe kwa kosa la chupa.