Je, Wajua? Siku za Kusubiri Jibu la Makohozi

Katika Kongolo, mji ulio kando ya Lualaba, mgonjwa wa kifua kikuu hapimwi mara moja akaachwa. Kama ugonjwa wake ni wa aina ya kawaida, atameza dawa miezi sita, na makohozi yake yatarudi labo mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Kila mara kuna kusubiri, na wengi husema usiku wa kuamkia jibu unawachosha kuliko vidonge vyenyewe.

Je, wajua kwamba hofu inaweza kujifanya kifua kikuu? Mtu mwenye wasiwasi moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, anatoka jasho usiku, hamu ya chakula inapotea. Zote hizo ni dalili ambazo mgonjwa aliambiwa azichunge. Basi anajisikiliza, anakohoa kidogo ili ajijaribu, anatishika, na jasho linazidi. Mshauri mzuri habishani naye. Anachukua kipimajoto na mizani. Wasiwasi wa siku chache haupandishi homa kila jioni, na mtu ambaye uzito wake unapanda mwezi hadi mwezi kwa kawaida dawa zinamfanyia kazi. Kilo zilizoandikwa kwenye kadi ni jibu la kwanza, nalo halisubiri labo.

Je, wajua kwamba kutojua kunaweza kuumiza kuliko kujua baya? Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta: kufunua mawe na kukisia kama chini yake kuna nyoka. Kila nyoka alipotokea, mchezaji alipigwa umeme mdogo mkononi. Jasho na mboni za macho zilionyesha kwamba mateso makubwa hayakuwa kwa aliyejua hakika atapigwa, bali kwa aliyekuwa katikati kabisa, nusu kwa nusu. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "usijali" hakumpunguzii kitu. Kinachompunguzia ni kufupisha orodha ya yale asiyoyajua: siku gani atajibiwa, nani atamwambia, na kila jibu litafuatwa na nini.

Je, wajua kwamba vijidudu kuonekana mwezi wa pili si lazima kuwe habari mbaya? Hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo bure, kwa hiyo tukae kidogo. Kwenye labo, makohozi hupakwa rangi nyekundu, kisha bluu, na mpimaji hutafuta chini ya hadubini vijiti vyekundu. Akiviona vingi huandika +++, vikipungua ++, kisha +. Lakini rangi inashika kijidudu kilichokufa sawasawa na kilicho hai, na mapafu yanaendelea kutoa maiti za vijidudu muda mrefu baada ya dawa kuviua.

Tuseme mama mmoja muuza samaki alianza na +++. Mwisho wa mwezi wa pili kadi yake inasoma +. Kama hakuandaliwa, ataona alama ya ugonjwa tu na kurudi nyumbani akiaga watoto. Mshauri aliyejua kazi yake alikwisha kumweleza kabla hajatoa makohozi: "Mama, vijidudu visipoonekana, tunaendelea na vidonge vya awamu ya pili. Vikionekana, haimaanishi dawa zimeshindwa. Tutaangalia ulivyomeza, na tutapima tena mwisho wa mwezi wa tatu."

Sasa jibu limekuja, mazungumzo yana pa kuanzia. Je, kuna siku aliruka dawa, labda alipokwenda kununua samaki mbali na mji? Mkojo wake una rangi ya machungwa saa chache baada ya kumeza? Rangi hiyo inaletwa na rifampisini, na isipoonekana kabisa kuna swali la kuuliza kwa upole. Uzito je? Akiwa amepanda kutoka kilo 46 hadi 49, na kikohozi kimepungua, + hiyo inasomeka tofauti kabisa na + ya mtu anayezidi kukonda. Vijidudu vikiendelea kuonekana mwezi wa tatu, ndipo inapotafutwa kwa makini kama vimezoea dawa. Vikionekana mwezi wa tano, hapo jambo ni zito kweli, na matibabu yanaangaliwa upya.

Je, wajua kwa nini ile mashine ya haraka haitumiki kumtuliza? GeneXpert inatoa jibu chini ya saa mbili, na wagonjwa huuliza, ni haki yao, mbona wasiwekwe humo wakajua leo. Mashine hiyo inatafuta vinasaba, na vinasaba vya kijidudu mfu bado vipo. Inafaa kugundua ugonjwa na kuona kama rifampisini imezoewa, lakini haiwezi kusema kama mtu anapona.

Je, wajua kwamba jibu la kuotesha linachelewa kwa sababu ya tabia ya kijidudu chenyewe? Bakteria wengi wa kuhara hugawanyika kila dakika 20 hivi. Kijidudu cha kifua kikuu kinahitaji karibu siku nzima. Ndiyo maana labo inaweza kungoja hadi wiki 8 kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoota. Ongeza safari ya makohozi kutoka Kongolo, maana maabara ya rufaa ya taifa iko Kinshasa, upande mwingine wa nchi. Kimya cha mwezi mzima si dalili kwamba wanaficha kitu. Mwambieni mgonjwa hivyo siku ile ile anapotoa makohozi, si anapokuja kuuliza mara ya tatu.

Je, wajua kwamba wasiwasi wa kusubiri haulingani siku zote? Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Riverside, aliwafuatilia wahitimu wa sheria waliongoja matokeo ya mtihani kwa miezi minne. Wasiwasi ulikuwa juu mwanzoni, ukashuka katikati, ukapanda tena jibu lilipokaribia. Kwa reko anayetembelea nyumba, hilo lina maana ya wazi: kama ana nafasi ya kufika mara mbili tu, afike siku zinazofuata kupimwa na siku moja kabla ya jibu. Katikati, kazi ya mikono inatosha, hasa ile inayomeza akili yote, kama kufuma au kutengeneza nyavu. Wengine hujitengea muda maalumu wa kuwaza, jioni kabla ya chakula, na mawazo yakija nje ya muda huo wanayaahirisha. Usiku, kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta kunausaidia moyo upunguze mwendo.

Anayesaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni mtu aliyepitia. Kongo ina chama cha waliopona kifua kikuu, Club des Amis Damien, na wanachama wake hufuatana na wagonjwa.

Je, wajua kwamba hofu nyingine inatoka kwenye kidonge? Saikloserini, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, inaweza kuleta wasiwasi, huzuni, hata kusikia sauti. Anayebadilika ghafla baada ya kuianza asiambiwe ajikaze. Apelekwe kwa daktari siku hiyo, wala asiiache dawa kwa uamuzi wake.

Je, wajua kwamba radio ya kifua inaweza kubaki na doa baada ya kupona? Pafu lililoumia huacha kovu, na kwenye picha moja kovu na ugonjwa vinaweza kufanana. Kwa hiyo mwezi wa sita makohozi ndiyo yanayoamua kuliko picha. Kama umepigwa radio mwisho wa matibabu, ihifadhi bila kuikunja. Ukikohoa tena miaka ijayo, daktari ataiweka kando ya mpya na kuona kama doa lile limebadilika.