Pochi Inapokataa Anwani, na Inapoikubali Kimakosa

Mtu ana Bitcoin kwenye soko la kripto na anataka kuzihamishia kwenye pochi mpya aliyoipakua kwenye simu. Ananakili anwani ya pochi, anaibandika kwenye ukurasa wa kutolea fedha, na hapohapo maandishi mekundu yanatokea: `Invalid address`. Anafuta, anabandika upya, jibu ni lilelile. Wengi wakifika hapo huanza kujiuliza kama fedha zao zimeshapotea.

Hazijapotea. Hakuna kilichotumwa, salio liko palepale, na programu imefanya kazi yake vizuri. Fedha hupotea kwa njia nyingine kabisa, pale programu inapoikubali anwani bila kusema neno ilhali sarafu inayotumwa ni ya mtandao mwingine. Ili kuona tofauti ya mambo hayo mawili, inafaa kwanza kujua anwani ya Bitcoin imebeba nini ndani yake.

Hizi hapa anwani tatu:

```
1BgGZ9tcN4rm9KBzDn7KprQz87SZ26SAMH
3JvL6Ymt8MVWiCNHC7oWU6nLeh9NJLzKLN
bc1qw508d6qejxtdg4y5r3zarvary0c5xw7kv8f3t4
```

Kwa macho hazifanani hata kidogo, lakini zote zimetokana na ufunguo mmoja wa siri. Ufunguo wenyewe ni namba 1, ndiyo maana waandaaji programu hupenda kuutumia kwenye mifano. Kila mtu duniani anaujua, kwa hiyo msomaji asitume chochote huko.

Ya kwanza, inayoanza na 1, ni ya aina ya zamani kuliko zote, tangu Bitcoin ilipoanza mwaka 2009. Ndani yake mna alama ya ufunguo wa umma yenye baiti 20, na mwishoni zimeongezwa baiti nne za kuhakiki. Mtu akikosea herufi moja, hesabu ya uhakiki haitakubali. Uwezekano wa kosa kupenya ni takriban mmoja kati ya bilioni 4. Ya tatu, inayoanza na bc1q, imebeba baiti 20 zilezile, ila zimeandikwa kwa alfabeti nyingine na zina uhakiki wa aina nyingine. Ile ya katikati, inayoanza na 3, haina alama ya ufunguo. Ina alama ya sharti, yaani maelezo mafupi yanayosema ni nini kitolewe ili fedha zifunguke. Hili la sharti litarudi baadaye, kwa sababu ndilo lililowaponza watu.

Anwani, basi, ni maelekezo ya kufuli. Programu ya anayetuma huisoma, hutambua ni kufuli la aina gani, kisha huandika kufuli hilo kwenye leja ya Bitcoin pamoja na kiasi cha fedha. Pochi ya anayepokea haishiriki hata kidogo wakati huo. Inaweza hata kuwa imezimwa. Kwa hiyo anayepaswa kuielewa anwani ni programu ya mtumaji peke yake. Mwenye pochi ya zamani ya anwani za 1 anaweza kupokea kutoka kwa mwenye bc1 bila shida yoyote, na imani iliyoenea kwamba pande zote mbili lazima ziwe na anwani za aina moja si ya kweli.

Kwa nini basi programu ya mtumaji ishindwe kuisoma? Jibu liko kwenye tarehe. Mabadiliko yaliyoitwa SegWit yalianza kutumika kwenye Bitcoin tarehe 24 Agosti 2017, yakaja na kufuli jipya, na mwaka huohuo Pieter Wuille na Greg Maxwell walipendekeza maandishi ya bc1 kwa ajili yake. Programu zilizoandikwa kabla ya hapo zilijua alfabeti moja tu, ambayo kwa makusudi haina sifuri, kwa kuwa sifuri huchanganywa na herufi O. Ukiitazama anwani ya tatu hapo juu, herufi ya saba ni sifuri. Programu ya zamani inaishia hapohapo na kutangaza kwamba anwani si sahihi. Haijui kama ni aina mpya. Inajua tu kwamba haiwezi kuisoma.

Hadithi hiyo ilijirudia Novemba 2021, yalipoanza kutumika mabadiliko ya Taproot na anwani zinazoanza na bc1p. Safari hii alfabeti ilikuwa ileile, ila hesabu ya uhakiki ilibadilishwa kidogo. Kulikuwa kumegunduliwa kasoro: anwani ikiishia na herufi p, mtu angeweza kuongeza au kupunguza herufi q kabla yake na uhakiki usishtuke. Kwa anwani za bc1q hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu urefu wake umewekewa kikomo na sheria nyingine, lakini kwa aina zijazo lingekuwa hatari. Hivyo programu inayojua bc1q tu hupiga hesabu ya zamani kwenye bc1p, hupata jibu lisilolingana, na hukataa. Ndiyo sababu soko linaweza kupokea bc1q vizuri na bado likakataa bc1p ya mteja yuleyule.

Dawa ya kukataliwa ni nyepesi. Anayepokea aingie kwenye mipangilio ya pochi yake, achague aina ya anwani ya nyuma zaidi, atoe mpya inayoanza na bc1q au 3, kisha amtumie mtumaji. Pochi nyingi zinaruhusu hivyo, na anwani zote humilikiwa na maneno yaleyale ya siri. Kosa ni kujaribu kuibadili anwani ya mtu mwingine kwa mkono au kwa kifaa cha mtandaoni. Kwa hesabu inawezekana kuchukua zile baiti 20 za bc1q na kuziandika upya kama anwani ya 1, na fedha zitafungwa kwa ufunguo wa mwenyewe. Lakini pochi yake huenda haichunguzi anwani hiyo, hivyo ataona salio sifuri mpaka mtu anayejua kazi amsaidie kuifungua upya kwa aina nyingine.

Hatari ya kweli iko pale programu inapokubali kimakosa, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Bitcoin Cash.

Agosti 1, 2017, baada ya bloku ya 478,558, sehemu ya wachimbaji na waandaaji programu walijitenga na Bitcoin wakaanzisha leja yao. Historia yote ya nyuma ilinakiliwa, kwa hiyo aliyekuwa na bitcoin moja alijikuta pia na Bitcoin Cash moja, kwa funguo zilezile. Anwani nazo zilibaki vilevile, za 1 na za 3. Mtu akibandika anwani ya Bitcoin kwenye pochi ya Bitcoin Cash, programu haikuwa na njia ya kutofautisha. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya kukubali malipo. Hapa hapakuwa na jina wala alama ya mtandao, ila herufi zilizopita uhakiki salama salimini.

Aliyekosea na kutuma Bitcoin Cash kwenye anwani ya Bitcoin inayoanza na 1 alikuwa na nafuu. Ufunguo ni uleule, kwa hiyo mwenye ufunguo aliuingiza kwenye pochi ya Bitcoin Cash na kuzikuta fedha. Waliotuma kwenye anwani za 3 zilizotengenezwa kwa ajili ya SegWit walikutana na jambo jingine.

Kwenye Bitcoin, anayefungua anwani kama hiyo anatakiwa kwanza kuonyesha lile sharti lililofichwa, kisha kutoa saini ya ufunguo wake. Lakini amri ya kutoa saini ilikuja na SegWit, na Bitcoin Cash iliikataa SegWit. Leja ya Bitcoin Cash ililisoma sharti lilelile kama maandishi matupu. Aliyeweza kulionyesha alihesabiwa ametimiza kila kitu, bila saini yoyote. Na sharti hilo halikubaki siri: mwenyewe alipotumia fedha zake za Bitcoin kutoka anwani hiyohiyo, aliliandika hadharani kwenye leja ya Bitcoin. Yeyote angeweza kulinakili.

Kwa kuwa kompyuta za kawaida kwenye mtandao huo hazikusambaza miamala ya namna hiyo, aliyeweza kuupitisha ni mchimbaji tu, kwa kuuweka kwenye bloku yake mwenyewe. Mwenye fedha halali alihitaji mchimbaji mwenye nia njema, na wakati huohuo alishindana na mchimbaji yeyote mwenye tamaa. Novemba 2018 sheria mpya ya mtandao ikazifunga sarafu hizo kabisa, hata kwa wenyewe, hadi mabadiliko ya tarehe 15 Mei 2019 yalipozifungua tena. Siku hiyo mchimbaji asiyejulikana alijaribu kuzichukua, na wachimbaji wakubwa BTC.com na BTC.TOP wakachimba bloku nyingine zilizofuta bloku mbili zilizokwisha kuingia kwenye leja. Hatua hiyo ilizua mjadala mkali, kwani mtandao uliosema miamala yake haibadiliki ulikuwa umebadilishwa na wachache, hata kama nia ilikuwa kulinda fedha za watu.

Bitcoin Cash ilikuwa imeshachukua hatua Januari 2018 kwa kuanzisha anwani zake yenyewe, zinazotanguliwa na `bitcoincash:`. Lengo lilikuwa hilohilo la maandishi mekundu: pochi ya mtandao mmoja ishindwe kuisoma anwani ya mwingine.

Leo mtego huo unaonekana zaidi kwenye anwani zinazoanza na 0x. Ethereum na BNB Smart Chain zinatumia mtindo uleule, herufi kwa herufi, kwa hiyo anwani haimwambii mtumaji ni mtandao upi. USDT ya Tron ina ulinzi kidogo kwa sababu anwani zake huanza na T, na pochi ya Ethereum itazikataa. Lakini mtu anayetoa USDT kupitia BNB Smart Chain kwenda kwenye anwani ya 0x ambayo soko lake huisoma kwa Ethereum tu, ataona muamala umekamilika na salio halijaongezeka.

Ikitokea hivyo, kitu cha kwanza ni namba ya muamala. Iingizwe kwenye kurasa za kutafutia miamala, moja ya kila mtandao, mpaka ipatikane. Ule unaoionyesha ndio mtandao fedha zilipo. Ikiwa anwani ni ya pochi ya mtu mwenyewe, ataongeza mtandao huo kwenye pochi na fedha zitaonekana, kwani ufunguo ni uleule. Ikiwa ni ya soko, ufunguo uko kwao, na wao peke yao ndio wanaoweza kuzitoa. Baadhi hufanya hivyo kwa ada, mengine hukataa, na sharti hilo kwa kawaida limeandikwa kwenye ukurasa wa kupokelea fedha, chini ya anwani yenyewe.